Hanang Ina Karbonatiti, Lakini Mbale Ziko Wapi?

Ukitoka Dongobesh na kupita Tumati kuelekea kusini, nyanda za juu za Mbulu zinaishia kwenye ukingo mkali wa Bonde la Ufa. Chini ya ukingo huo liko Ziwa Balangida, na ng'ambo yake umesimama Mlima Hanang, wenye urefu wa mita 3,420. Wajiolojia wamejua kwa miongo mingi kwamba Hanang ni volkano iliyotoa, pamoja na lava zake nyingine, kiasi kidogo cha mwamba uitwao karbonatiti. Mlima Kwaraha, jirani na Babati, nao una mwamba huohuo. Na kwa kuwa machimbo makubwa ya madini adimu duniani yamo ndani ya karbonatiti au pembeni mwake, maneno yameanza kuzunguka vijijini na kwa madalali wa leseni: kama mwamba upo, basi na utajiri upo.

Safu hii inalipima dai hilo. Jibu langu ni kwamba karbonatiti ni sharti la kuanza kutafuta, wala si ushahidi kwamba umepata. Duniani zinajulikana karbonatiti zaidi ya 500, na zinazochimbwa kwa ajili ya madini adimu zinahesabika kwa vidole. Tofauti kati ya hizo chache na zile nyingi inaelezeka, na Tanzania inazo zote mbili: Hanang kaskazini na Ngualla, mkoani Songwe, kusini magharibi.

Tunatafuta nini hasa

Madini adimu ya ardhi ni kundi la elementi 17: lanthanidi 15, pamoja na itri na skandi. Uadimu wake ni wa kukusanyika zaidi kuliko wa kuwepo. Seri, kwa mfano, imetawanyika katika ukoko wa dunia kwa kiasi kinachokaribiana na shaba. Tatizo ni kwamba mahali pengi imeenea gramu chache chache ndani ya tani nzima ya mwamba, na hakuna atakayeivunja tani hiyo kwa faida.

Thamani nayo haigawanyiki sawa kwa ndugu hawa 17. Zinazobeba bei ni neodimi na praseodimi, kwa sababu ya sumaku. Mwaka 1984 Masato Sagawa wa Japani na John Croat wa Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walitangaza sumaku ya neodimi, chuma na boroni, ambayo fomula yake ni Nd₂Fe₁₄B. Karibu theluthi moja ya uzito wake ni madini adimu, na nguvu yake ndiyo iliyofanya spika ya simu iwe ndogo kuliko ukucha. Humo humo kwenye simu, sumaku kama hiyo inasukuma kifaa cha mtetemo na kusogeza lenzi ya kamera. Kwa jumla ni gramu chache tu. Mota ya gari la umeme inahitaji kilo 1 hadi 2, na huongezwa disprosi kidogo ili sumaku isipoteze nguvu inapopata joto. Seri na lanthani zinapatikana kwa wingi na bei yake ni ndogo. Kwa hiyo mtu akikuonyesha karatasi ya maabara yenye asilimia ya madini adimu kwa jumla, swali la kwanza ni: katika hiyo asilimia, neodimi na praseodimi ni kiasi gani?

Kwa nini ndani ya karbonatiti

Karbonatiti ni mwamba wa moto ambao zaidi ya nusu yake ni madini ya kaboneti, hasa kalsiti au dolomiti. Kwa macho unafanana na chokaa, na kwa sababu hiyo wataalamu waligombana kwa muda mrefu. Kundi moja lilishikilia kwamba chokaa haiwezi kutoka tumboni mwa dunia ikiwa kimiminika, na kwamba mawe hayo ni chokaa ya kawaida iliyomezwa na magma. Ubishi huo ulipata jibu lake hapa kwetu. Mwaka 1960 mjiolojia J. B. Dawson alishuka katika kreta ya Oldoinyo Lengai na kukuta lava ya kaboneti ikitiririka, nyeusi, nyepesi kama mafuta, ambayo ikishapoa huanza kugeuka nyeupe. Joto lake ni kati ya nyuzi 500 na 600, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida. Hadi leo Lengai ndiyo volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya aina hiyo.

Madini adimu yanaingiaje humo? Atomu zake ni kubwa na zina chaji nyingi, hivyo haziingii vizuri ndani ya madini ya kawaida yanayojenga mantili, tabaka lililo chini ya ukoko. Mantili inapoanza kuyeyuka, hata ikiwa ni chini ya asilimia 1 tu ya mwamba, atomu hizo zisizo na makazi ndizo za kwanza kuhamia kwenye kimiminika. Ni kama nazi iliyokunwa: tui la kwanza ni dogo, lakini ndilo zito. Karbonatiti inatokana na viyeyuko vidogo vya namna hiyo, ndiyo maana inaanza safari ikiwa tayari imebeba mzigo.

Kuhusu Hanang yenyewe tunajua hatua moja zaidi. Mwaka 2016 Céline Baudouin, Fleurice Parat na wenzao walichapisha utafiti wa lava za mlima huo. Ndani ya chembe za madini yaitwayo nefelini walikuta vitone vidogo vya magma vilivyonaswa kabla ya mlipuko, na ndani ya vitone hivyo kulikuwa na kimiminika cha kaboneti kilichojitenga na kile cha silika, jinsi mafuta yanavyojitenga na maji. Maana yake ni kwamba huko chini ya Hanang utengano unaozaa karbonatiti ulitokea kweli.

Lakini mzigo wa mwanzo hautoshi. Lava ya Lengai, kwa umaarufu wake wote, ina madini adimu chini ya nusu ya asilimia 1. Ili yafike kiwango cha kuchimbwa, zinahitajika hatua mbili zaidi, na hapo ndipo Hanang na Ngualla zinapoachana.

Hatua mbili zilizobaki

Hatua ya kwanza hutokea chini ya ardhi. Magma ya kaboneti inapopoa, kalsiti ndiyo hujigandisha kwanza. Kalsiti huchukua madini adimu kidogo, na kinachobaki kwenye kimiminika kinazidi kujaa. Mwishoni kabisa hubaki maji ya moto yenye florini, salfa na kaboni dioksidi, pamoja na karbonatiti zenye chuma nyingi. Katika kipindi hiki ndipo bastnasiti na monaziti hujengeka kwa wingi. Bastnasiti ni kaboneti yenye florini, monaziti ni fosfeti, na ndani ya madini haya mawili ndimo inamotoka sehemu kubwa ya neodimi ya dunia. Haya yote hufanyika kwenye mizizi ya volkano, mamia ya mita au kilomita kadhaa chini ya kreta.

Hatua ya pili inafanywa na mvua, na haina haraka. Mizizi ikishafichuliwa na mmomonyoko, maji ya mvua yenye asidi hafifu huyeyusha kalsiti na dolomiti na kuzisafirisha. Bastnasiti, monaziti, bariti na oksidi za chuma haziyeyuki kirahisi, hivyo hubaki palepale huku mwamba uliozizunguka ukiondoka. Kilichokuwa asilimia 2 kinaweza kuwa asilimia 4 au 5 bila gramu moja mpya kuongezwa.

Sasa tazama Hanang. Umri wake ni takriban miaka milioni 1, na kwa volkano huo bado ni utoto. Umbo lake limesimama na majivu yake, magumu kwa laini, bado yamefunika mizizi. Mmomonyoko unaendelea, wakati mwingine kwa ukatili: tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe kutoka mlimani yaliangukia mji wa Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Lakini hata mmomonyoko huo unakwangua maganda ya nje tu. Karbonatiti inayoonekana Hanang ni ya juu, iliyotoka ikiwa majivu na lava. Kama kuna sehemu iliyopitia hatua ya kwanza, iko chini kusikofikika kwa shimo la bei ya kawaida, na hatua ya pili bado haijapata muda wa kufanya kazi.

Ngualla ni kinyume chake. Karbonatiti hiyo, yenye upana wa takriban kilomita 4, ina umri unaokaribia miaka bilioni 1. Volkano iliyokuwa juu yake, kama ilikuwepo, imekwisha kuondoka zamani. Kinachoonekana leo ni kiini, na katikati ya kiini hicho kuna karbonatiti ya mwisho, yenye chuma na bariti, ambayo mvua za enzi na enzi zimeiozesha, mahali pengine hadi zaidi ya mita 100 kwenda chini. Takwimu za Peak, kampuni iliyoitafiti Ngualla, zinaonyesha kazi ya mvua waziwazi. Rasilimali yote, ikiwemo miamba isiyooza, ni tani milioni 214.4 zenye wastani wa asilimia 2.15 ya oksidi za madini adimu. Mbale zilizopangwa kuchimbwa, ambazo ni zile zilizooza, ni tani milioni 18.5 zenye asilimia 4.80.

Tuifanyie hesabu tani moja ya mbale hizo. Asilimia 4.8 ni kilo 48 za oksidi. Karibu robo tatu yake ni seri na lanthani, ambazo hazilipi. Neodimi na praseodimi ni kama sehemu moja ya tano, yaani karibu kilo 10. Toa oksijeni iliyo ndani ya oksidi, zinabaki kilo 8.6 za metali, zinazotosha kilo 28 hivi za sumaku. Hata tukisema nusu inapotea katika kusaga, kuelea na kusafisha, zinabaki kilo 14. Sasa chukua tani ya karbonatiti ya juu ya mlima yenye asilimia 0.3. Ukitumia hesabu hiyohiyo utapata sumaku kiasi cha kilo 1 hivi, kwa gharama ileile ya baruti, dizeli na umeme wa kinu. Tofauti ya mlima na mgodi iko hapo.

Namna zinavyotafutwa

Ngualla haikugunduliwa siku moja. Karbonatiti yenyewe ilijulikana tangu enzi ya ukoloni, na waliokuja baadaye waliitazama kwa ajili ya fosfeti na niobi. Mbale za bastnasiti zilitambuliwa mwaka 2010, baada ya sampuli za udongo na uchorongaji. Wale wa zamani walipita juu yake bila kuziona kwa sababu hawakuwa wakipima kitu hicho. Funzo hili linahusu nchi nzima: ramani inaonyesha majibu ya maswali yaliyoulizwa wakati ilipochorwa.

Kwa eneo kama la Tumati na ukingo wa Balangida, kazi huanza na utafiti wa jiofizikia kwa ndege. Ndege hupima vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni usumaku, kwa sababu karbonatiti nyingi zina magnetiti, na bomba la mwamba lenye magnetiti huonekana kwenye ramani kama duara au pete ndani ya miamba ya kale iliyotulia. Mount Weld ya Australia, ambayo leo ni moja ya migodi mikubwa ya madini adimu, ilikuwa imefunikwa na udongo na ikaonekana kwa njia hiyo katika miaka ya 1960. Cha pili ni miale ya gama itokayo kwenye urani, thori na potasi. Thori mara nyingi husafiri pamoja na madini adimu, na potasi inaweza kuonyesha feniti, yaani ule mkanda wa mwamba wa jirani uliobadilishwa na maji ya moto yaliyotoka kwenye karbonatiti. Mountain Pass ya California ilipatikana mwaka 1949 na watu waliokuwa wakitafuta urani kwa kipima mionzi.

Kila kimoja kina mtego wake, na mitego hiyo huku kwetu ni mikubwa. Tanzania ilirushiwa ndege nchi nzima kati ya 1977 na 1980, kwa mistari iliyoachana kilomita 1. Bomba la karbonatiti lenye upana wa mita 400 linaweza kukaa katikati ya mistari miwili bila ndege kupita juu yake hata mara moja. Kitu cha ukubwa wa Ngualla hakiwezi kujificha hivyo, lakini kilicho kidogo kuliko hicho kinaweza, na karbonatiti nyingi ni ndogo. Serikali, katika mpango wake wa Vision 2030, imelenga kufikisha asilimia 50 ya nchi iliyopimwa kwa kina kutoka asilimia 16, na kwa elimu hii ya miamba huo ndio uwekezaji wenye maana kuliko shimo lolote.

Mtego wa pili ni latitudo. Karibu na ikweta mistari ya usumaku wa dunia haisimami wima, bali imelala. Alama ya bomba kwenye ramani haitokei kama kilele kimoja juu ya bomba lenyewe. Hutokea kama jozi, upande mmoja umepanda na mwingine umeshuka, na kitu chenyewe kiko mahali fulani kati ya hizo mbili. Mtu anayechoronga penye rangi nyekundu zaidi ya ramani, bila kwanza kusahihisha mlalo huo, anaweza kutoka na fito za granaiti tupu. Ongeza kwamba lava za kawaida za Hanang nazo zina magnetiti, na hivyo kuizunguka volkano yenyewe ramani hujaa kelele.

Mtego wa tatu ni wa miale. Miale ya gama inayofika kwenye ndege hutoka kwenye sentimita 30 hadi 50 za juu tu za ardhi. Mahali palipofunikwa na majivu ya volkano, ndege inapima majivu. Na hata pasipofunikwa, thori si kipimo cha bastnasiti. Mbale za Ngualla zina thori na urani kidogo sana, jambo ambalo ni heri kwa mchimbaji kwa sababu mabaki yake hayawi mzigo wa mionzi, lakini ni balaa kwa mtafutaji anayesubiri kipima mionzi kilie. Kilima cha Mrima, Kwale nchini Kenya, ni upande wa pili: hapo thori ni nyingi na kipimo kinalia vizuri. Vyote viwili ni karbonatiti yenye madini adimu.

Kwa hiyo baada ya ndege, mjiolojia hurudi kwenye udongo. Huchukua sampuli kwa mistari inayokatiza ile alama, na huomba maabara impimie lanthani, seri, neodimi, niobi, stronti na bariamu. Niobi ni shahidi mzuri kwa sababu imo ndani ya pirokloro, madini magumu yanayobaki kwenye udongo hata mwamba ukiisha kuoza. Vijito navyo vinasaidia: mchanga mzito uliopepetwa kwenye karai huacha magnetiti, apatiti na pirokloro chini, na ukipanda na kijito utaona mahali madini hayo yanapokoma. Pale yanapokoma ndipo pa kuchimba mitaro.

Chokaa tatu zinazofanana

Hapa ndipo watu wengi wa Manyara wanapotapeliwa au kujitapeli. Mkoa una mawe meupe ya aina tatu yanayochemka ukiyatilia asidi. Ya kwanza ni marumaru ya kale, iliyokuwa chokaa ya baharini kabla ya kupikwa na joto na mgandamizo. Ya pili ni chokaa inayojijenga ndani ya udongo wa maeneo makavu, maji yanapopanda na kukauka, na mara nyingi huunganisha majivu ya volkano yakawa jiwe gumu. Ya tatu, kwa nadra, ni karbonatiti.

Asidi haitenganishi chochote kati ya hizo. Inasema tu kwamba kuna kaboneti. Kinachotenganisha ni majirani na kemia. Karbonatiti hukaa na chembe nyeusi za magnetiti, apatiti ya kijani hafifu, mika ya kahawia, na pembeni mwake mwamba wa jirani hubadilika kuwa feniti yenye madini ya kijani iliyoiva au ya samawati, ikipoteza kwatzi yake. Kwa kemia, stronti yake kwa kawaida hufika maelfu ya gramu kwa tani, wakati marumaru ya kawaida huishia mamia. Niobi na madini adimu mepesi nayo hupanda kwa pamoja. Jiwe jeupe lenye kaboneti lakini lisilo na stronti nyingi wala niobi ni la kuchomea chokaa, nayo ni biashara halali, ila ni biashara nyingine.

Vile vibunduki vya kupima madini kwa miale ya eksirei, ambavyo sasa vimeenea kwa wanunuzi, vinahitaji tahadhari. Vingi vinasoma madini adimu kwa shida, na bariamu nyingi inaweza kuchafua usomaji wa lanthani na seri, kwa kuwa mistari yao ya miale inakaribiana. Na bariti ndiyo rafiki wa kudumu wa mbale hizi. Hata maabara kubwa inaweza kukosea: ukiyeyusha sampuli kwa asidi za kawaida, pirokloro na sehemu ya monaziti zinaweza kubaki bila kuyeyuka, na asidi ya haidrofloriki inaweza kuyarudisha madini adimu yakiwa mashapo chini ya chupa. Namna salama ni kuyeyusha sampuli pamoja na boreti ya lithi katika tanuru, ndipo ipimwe. Karatasi ya maabara isiyotaja namna ya kuyeyusha ina thamani ndogo.

Baada ya hapo huja uchorongaji, na hata asilimia nzuri katika fito za mwamba bado haimalizi kazi. Lazima ijulikane madini adimu yamo ndani ya madini gani na kwa chembe za ukubwa gani. Neodimi iliyomo ndani ya bastnasiti yenye chembe zinazoachana na jirani zake inaweza kuelea ikawa makinikia. Neodimi hiyohiyo ikiwa imetawanyika ndani ya apatiti au imeshikana na oksidi za chuma katika chembe laini kama vumbi, inaweza kubaki humo milele, kwa sababu gharama ya asidi ya kuitoa inazidi bei yake. Miradi mingi yenye asilimia za kupendeza imefia katika hatua hii, muda mrefu baada ya magazeti kuandika.

Ndiyo maana muda ni mrefu. Ngualla ilitambuliwa 2010, na leseni maalumu ya uchimbaji ilitolewa Aprili 2023, baada ya mkataba uliounda kampuni ya Mamba Minerals, ambamo Serikali ina hisa asilimia 16 zisizolipiwa. Hiyo ni miaka 13 kwa mojawapo ya mashapo bora barani. Njia ya mkato nayo tunaijua matokeo yake. Mrima ilitangaziwa mwaka 2013 thamani ya zaidi ya dola bilioni 60, tarakimu iliyopatikana kwa kuzidisha tani zote kwa bei za sokoni, bila kutoa gharama wala hasara ya usafishaji. Mwaka huohuo Kenya ilifuta leseni ya kampuni ya Cortec juu ya kilima hicho. Shauri lilifika kwenye baraza la kimataifa la usuluhishi, na mwaka 2018 Kenya ikashinda kwa sababu leseni ilipatikana bila kufuata sheria, ikiwemo ya mazingira.

Nani atafute wapi

Kama fedha zingekuwa zangu, nisingechoronga Mlima Hanang kwa ajili ya neodimi. Mlima huo utabaki chuo cha kujifunzia jinsi kaboneti inavyojitenga na silika, lakini ni mchanga mno kuwa mgodi. Ningeyaelekeza macho juu ya ukingo, kwenye uwanda wa Mbulu ambako Tumati iko. Huko granaiti na naisi za kale ziko karibu na uso, tuko kwenye ukingo wa kitalu kikongwe cha bara, na pembezoni mwa vitalu vya namna hiyo ndiko karbonatiti za enzi tofauti hupenda kupenya. Sisemi kwamba kuna bomba la kale huko. Nasema kwamba kama lipo, muda wa kumomonyoka na kuoza limeupata, na mistari ya kilomita 1 ingeweza kulikosa.

Kazi yenyewe ni ya bei nafuu ukilinganisha na mashimo: ndege kwa mistari ya mita 200, ramani iliyosahihishwa kwa mlalo wa usumaku wetu, kisha udongo na vijito kupimwa niobi na lanthani, na takwimu ziwekwe wazi Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini pale Dodoma. Mpaka hapo, serikali ya kijiji inayofuatwa na mwenye leseni itake kuona mambo matatu tu kabla ya kugawa ardhi: jina la madini yaliyobeba neodimi, namna sampuli ilivyoyeyushwa, na kina cha mashimo yaliyokwisha kuchorongwa. Asiye na majibu hayo ana karbonatiti, au pengine chokaa tu, na kwa hali yoyote bado hana mgodi.